Vipele mgongoni na shingoni kwa mtoto wa wiki sita, joto la Kisumu limezidi

mama_wa_kwanza · Jumatatu 21:40

Wadau habari zenu, naomba msaada kabla sijaanza kujaribu kila kitu ninachoambiwa. Niko Nyalenda, kijana wangu amefikisha wiki sita, na hii joto ya Februari ndani ya nyumba ya mabati isiyo na silingi si mchezo, ikifika saa nane mchana unahisi moto wa paa kwa utosi. Tangu Alhamisi ametoka vipele vidogo vidogo vingi, mgongo wote kutoka mabegani hadi kiunoni, vingine kwa paji la uso hapa penye kofia inabana, na vingine kwa mikunjo ya shingo. Ukipapasa na kidole ngozi inakwaruza lakini ukiangalia kwa mbali huoni sana juu ni mweusi kama babake. Ananyonya vizuri, anakojoa vizuri, ila mchana analia sana hasa ukimlaza chali.

Mama mkwe amekuja kutusaidia na yeye anasema mtoto akiachwa wazi atashikwa na kifua, kwa hivyo ako na fulana, ovaroli ya mikono mirefu, soksi, kofia ya sufu na shali juu ya hiyo yote. Jirani mmoja anasema nipake mafuta ya mgando, mwingine poda, mwingine nimwogeshe na dawa ya majani, manyasi. Kliniki yetu ya chanjo ni Ijumaa. Hii ni joto kweli ama ni kitu ingine?

boda_kondele · Jumatatu 21:52

Pole dada. Mimi hiyo hunipata kila mwaka joto ikianza, nikivaa jaketi ya kuendesha boda kifua yote inachoma choma. Huwa naoga maji ya mtungi baridi kabisa halafu najipaka spiriti, asubuhi niko sawa. Jaribu.

mamake_mapacha · Jumatatu 21:58

Spiriti kwa mtoto wa wiki sita??? Ndugu yangu wewe endesha boda tu. @mama_wa_kwanza usiguse hiyo, ngozi ya mtoto inafyonza kila kitu na hiyo mvuke ataivuta na mapua.

ziwa_kuu · Jumatatu 22:03

Hiyo ni surua hiyo. Vipele vingi mwili mzima ni surua, usimwogeshe kabisa, mfunike hadi vitoke vyote.

nesi_wa_zamu · Jumatatu 22:20

Mama, hongera kwa mtoto. Mimi ni nesi, nimekaa kliniki ya mama na mtoto miaka mingi hapa Kisumu na kabla ya hapo Kakamega. Kabla sijasema ni nini nijibu haya, na usijibu kwa kukumbuka, mwashie taa umvue nguo umwangalie.

Viganja na nyayo ziko na vipele? Kuna chochote chenye usaha wa njano ama kimekauka na kuacha gamba? Shingoni ukifungua mikunjo pako kavu ama pamelowa, na pananuka? Kuna mtu mwingine kwa nyumba anajikuna? Na cha mwisho, chini ya shuka analalia nini? Si godoro tu, nataka kujua kati ya godoro na shuka kuna nini.

Halafu tafuta themomita ya kwapani, hata ya kuazima kwa mhudumu wa afya wa mtaa wenu. Kumpima na mgongo wa mkono hakutoshi kwa mtoto wa umri huo.

@ziwa_kuu surua huja na homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu siku kadhaa kabla ya vipele, halafu vipele vinaanzia usoni na nyuma ya masikio vikishuka chini. Mtoto ambaye ananyonya poa, hana kikohozi, na vipele vimeanza mahali nguo inabana, hiyo si picha ya surua. Na hata mwenye surua anaoga.

mama_wa_kwanza · Jumatatu 23:05

Nimemvua nimemwangalia na tochi ya simu. Viganja safi, nyayo safi. Usaha sijaona. Shingoni pamelowa kidogo, ni kwekundu ndani ya mkunjo, harufu iko kaa ya maziwa yaliyochacha, nilidhani ni maziwa yanateremka akitapika. Hakuna mtu anajikuna hapa. Chini ya shuka kuna makintoshi, ile ya mpira, juu anakojoa usiku na godoro ni jipya.

Themomita nimepata kwa jirani. Kwapani imesoma 37.7. Sasa niende hospitali usiku huu??

nesi_wa_zamu · Jumatatu 23:11

Alikuwa amevaa vitu vyote hivyo ulivyotaja wakati unampima?

mama_wa_kwanza · Jumatatu 23:12

Nilikuwa nimemrudishia, eeh. Na shali.

nesi_wa_zamu · Jumatatu 23:19

Basi fanya hivi. Toa shali, kofia, soksi, ovaroli, abaki na daipa na fulana moja ya pamba. Ondoa makintoshi. Fungua dirisha, mnyonyeshe, halafu baada ya kama nusu saa mpime tena kwapani akiwa ametulia. Mtoto mchanga aliyefungwa nguo nyingi joto la mwili linapanda bila ugonjwa wowote na ukimfungua linashuka. Likishuka chini ya 37.5 na ananyonya, ulale.

Lakini, na hapa naomba unisikie vizuri, likibaki 37.5 au zaidi akiwa amefunguliwa, huyo ni mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa na anaonwa usiku huu huu, hata kama anacheka. Usimpe paracetamol kwanza ili uone, unaficha kile daktari anatafuta. Na usisubiri hiyo nusu saa kabisa kama amekataa kunyonya, amelegea huwezi kumwamsha, amepata mtukutiko, kifua kinabonyea akipumua, au ukihesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia zinafika 60. Hapo unatoka tu unaenda. Pia akiwa baridi kupita kiasi, chini ya 35.5, ni hatari vile vile, watu husahau hiyo.

mama_wa_kwanza · Jumanne 00:02

37.0. Amenyonya titi zote mbili amelala. Mama mkwe ameenda kulala bila kuniongelesha lakini sawa.

mamake_mapacha · Jumanne 00:06

😂😂 ataongea asubuhi. Asante Mungu.

dani_wa_ahero · Jumanne 06:15

Nimesoma haya nikiwa nimekunywa chai. Mimi nimelea watoto saba na wajukuu sasa, na wote walifunikwa, hakuna aliyekufa kwa kufunikwa. Homa ya mapafu ndiyo ilituulia watoto zamani. Nyinyi wa siku hizi mnaacha mtoto uchi halafu akikohoa mnakimbia hospitali. Huyo mama mkwe msimlaumu.

nesi_wa_zamu · Jumanne 07:02

Dani, asante, na sina ugomvi na wewe. Asubuhi ya saa kumi na moja mvua ikiwa imenyesha, mtoto wa siku tatu lazima afunikwe na kofia avae, hasa akizaliwa na uzito mdogo, tena kifuani kwa mama. Hilo hata sisi ndilo tunalofundisha. Ila huyu ni wa wiki sita, chini ya mabati, saa nane mchana. Na homa ya mapafu inaletwa na viini, mtoto haipati kwa sababu amevaa fulana moja.

Kipimo ninachowapa kina mama ni hiki, guza kifua au nyuma ya shingo, si mikono wala miguu. Mikono ya mtoto mchanga mara nyingi huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha, ndiyo maana nyanya akishika vidole anaongeza soksi. Shingo ikiwa na jasho au moto, punguza nguo. Ikiwa na uvuguvugu na kavu, yuko sawa. Kwa joto hili mtoto avae kama unavyovaa wewe, na usiku kukipoa ongeza nguo moja.

dani_wa_ahero · Jumanne 07:20

Hiyo ya kushika shingo sijaikataa.

nesi_wa_zamu · Jumanne 07:48

Sasa @mama_wa_kwanza turudi kwa vipele vyenyewe. Mgongoni na kwenye paji la uso mimi naona ni harara, vipele vya joto. Vitundu vya kutolea jasho vya mtoto mchanga bado havijakomaa, jasho likizidi na ngozi ikilowa muda mrefu vinaziba, jasho linabaki chini ya ngozi linaleta vile vipele na muwasho wa kuchoma choma. Ndiyo maana unaona alama mahali pale pale nguo inagandamiza. Paji la uso ni mstari wa kofia. Mgongo ni makintoshi, ule mpira haupitishi hewa hata kidogo, mtoto analalia jasho lake mwenyewe usiku kucha na mchana, ndiyo maana akilazwa chali analia. Akiwa mweusi usitegemee wekundu, tumia kidole kama ulivyofanya. Wengine hutoa vipovu vidogo vya maji tu vinavyopasuka ukivigusa, hiyo ni harara pia, nyepesi zaidi.

Dawa ya harara ni kupoa. Hakuna krimu inayoshinda kupoa. Ukimtoa kwenye joto, siku mbili tatu vipele vinaanza kukauka na kupotea, na mimi hutumia hizo siku kama kipimo. Visipopungua kabisa na mtoto amekaa kwenye baridi kweli, basi nilichodhani ni harara pengine si harara.

Shingo naiweka kando, ule unyevu na harufu sijaupenda.

mama_wa_kwanza · Jumanne 08:30

Sawa sasa niambie kwa vitendo. Nyumba ni chumba kimoja na dirisha moja, mlango unaangalia ukuta wa jirani. Feni ninayo lakini wanasema feni inaleta nimonia. Kuoga mara ngapi, maji gani, sabuni gani?

nesi_wa_zamu · Jumanne 12:40

Samahani foleni ilikuwa ndefu.

Kuanzia kama saa sita hadi saa kumi, kama kuna mti au ukuta wenye kivuli kwa ploti, kaa naye nje. Chini ya mwembe pana hewa kuliko ndani ya chumba chenye mabati, mwekee neti ndogo ya mtoto kwa sababu ya mbu na nzi. Ukiwa ndani fungua mlango na dirisha pamoja ili hewa ipite, tundika leso mbichi iliyokamuliwa dirishani. Feni iwashe, ila ielekeze ukutani hewa izunguke, isimpige usoni moja kwa moja. Haileti nimonia. Usiku neti ya kitanda ibaki, kwetu hapa ziwani malaria si ya kubahatisha, lakini neti iliyojaa vumbi haipitishi hewa, ifue.

Makintoshi iweke chini ya blanketi jembamba au leso iliyokunjwa mara nne, halafu shuka ya pamba juu, mpira usikaribie ngozi. Au iache tu, godoro litakauka juani. Daipa ilegeze kiunoni na mchana mwache bila daipa kwa muda, mlaze juu ya leso.

Kuoga, asubuhi na jioni, na saa nane akiwa na jasho unaweza kumwaga maji tu bila sabuni. Maji ya uvuguvugu, chovya kiwiko chako, usipohisi moto wala baridi hayo ndiyo. Maji ya barafu hapana, anatetemeka halafu mwili unajikaza kuhifadhi joto. Dakika chache zinatosha. Sabuni mara moja kwa siku, ile ya kuoga isiyo na manukato, kidogo, kwa kwapa, shingo na makalio. Sabuni ya kipande ya kufulia hapana, na ile dawa ya chupa ya kuua viini inayomiminwa kwa beseni pia hapana, inachoma ngozi iliyo na vipele.

Sasa kukausha, hapa ndipo wengi wanaharakisha. Mkunjo wa shingo haujifungui wenyewe. Kunja leso iwe kama mto mwembamba, iweke chini ya mabega yake, si chini ya kichwa, kidevu kitainuka na shingo itafunguka. Gusa gusa na kitambaa laini cha pamba, usisugue, kila mkunjo hadi ndani. Mwache hivyo dakika mbili tatu apigwe na hewa huku umemshikilia, halafu toa leso. Fanya hivyo kwapani na kwa mapaja. Ndipo avae.

Baada ya hapo usipake kitu. Najua mtoto asiyeng'aa anaonekana hajaoga, lakini mafuta ya mgando yanakaa juu ya vile vitundu na kuvifunga zaidi.

kaka_wa_mamboleo · Jumanne 13:15

Poda si inafyonza jasho? Mamangu alitupaka poda shingo nyeupe kaa tumepigwa na unga na hatukuwa na harara. Afadhali poda kuliko mafuta.

nesi_wa_zamu · Jumanne 13:31

Kufyonza inafyonza, hapo huna makosa, kwa dakika kumi hivi. Jasho likiendelea inashikana inakuwa madonge ndani ya mkunjo, inakwaruza na kushikilia unyevu pale pale. Na ile vumbi mtoto anaivuta kifuani, hasa poda ya talki. Kwa huyu ambaye shingo tayari imelowa ndiyo kabisa sitaki.

mtoto_wa_pwani · Jumanne 14:10

Mimi mzaliwa wa Mombasa niko Kisumu kikazi, kwetu harara ni kitu cha kila nyumba na mama zetu huwa wanapaka ile losheni ya rangi ya waridi ya kutuliza muwasho, kalamaini. Inafaa?

nesi_wa_zamu · Jumanne 14:25

Kalamaini kidogo kwa mgongo wa mtoto mkubwa anayejikuna haina neno, tikisa chupa kwanza. Kwa wa wiki sita mimi naanza na maji na hewa, na mara nyingi siifikii hiyo chupa. Usipake penye ngozi iliyochubuka.

dawa_kondele · Jumanne 16:02

Niko kemisti. Wamama wengi huja kutafuta ile tyubu ya mchanganyiko wa tatu, ya fangasi, bakteria na kuwasha, juu walisikia inamaliza kila kitu. Mimi siuzi hiyo kwa mtoto mchanga. Lakini haidrokotizoni asilimia moja, ile nyepesi, kupaka kidogo sana siku mbili kwa harara inayowasha, hiyo inakubalika, nesi asiwatishe watu.

nesi_wa_zamu · Jumanne 16:40

Sijamtisha mtu. Kwa tyubu ya tatu tunaongea lugha moja, ndani yake huwa kuna steroidi kali, ngozi ya mtoto ni nyembamba na ikiwa chini ya daipa au ndani ya mkunjo inaingia mwilini zaidi, halafu kama ni fangasi unapunguza wekundu juu na yenyewe inaendelea chini. Haidrokotizoni ya asilimia moja kwa mtoto wa miezi minane aliyeonwa, sawa. Kwa wa wiki sita ambaye hajaonwa na mtu, mimi hapana.

dawa_kondele · Jumanne 16:44

Tutabaki hapo basi. Mimi nimeona ikisaidia.

mamake_mapacha · Jumanne 19:30

Wacha niseme yangu juu hapa naona watu wanaambiana joto joto. Mapacha wangu walikuwa miezi minne tukiwa Kakamega, wakatoka vipele, kila mtu akasema ni joto, nikawavua nikawaogesha na hakuna kitu kilibadilika. Vilikuwa kwa vidole katikati, viganja, nyayo, hadi kwapani na kwa kitovu, na usiku ndiyo walikuwa wanalia kabisa hata kukiwa na baridi. Halafu mimi mwenyewe nikaanza kujikuna mikono na tumbo. Ilikuwa upele ule wa kuambukiza, wa kadudu kanakochimba ngozi. Tulipakwa dawa nyumba nzima siku moja, hata baba yao ambaye alikuwa anasema yeye hana kitu, na matandiko yote yakafuliwa kwa maji moto.

nesi_wa_zamu · Jumanne 19:52

Ndiyo maana niliuliza viganja, nyayo na nani mwingine anajikuna. Harara haiendi kwa viganja na nyayo, na haiambukizi mama. Na dawa ya upele huo kwa mtoto mchanga si ile ya watu wazima, ipewe kliniki.

mama_wa_kwanza · Ijumaa 10:20

Narudi na majibu. Mgongo umepungua vibaya sana, yaani vizuri, ukipapasa ni laini karibu kote. Paji la uso limeisha. Tunashinda chini ya mti wa jirani kuanzia saa sita na mama mkwe mwenyewe ndiye anabeba mkeka sasa, juzi nilimskia anamwambia jirani mtoto ashikwe shingo si miguu.

Lakini shingo imeharibika. Nimekausha vile ulisema na bado imekuwa nyekundu zaidi, inang'aa kaa nyama, kando yake kuna vidoti vidogo vidogo vimejitenga vimetapakaa hadi chini ya kidevu. Na kwa paja kumeanza hivyo hivyo ndani kabisa ya mkunjo. Homa hana, 36.8 asubuhi. Niko kwa foleni ya chanjo hapa. Swali, watakataa kumchanja juu ya vipele?

nesi_wa_zamu · Ijumaa 10:34

Hawatakataa, vipele vya ngozi bila homa si sababu ya kuahirisha chanjo ya wiki sita. Waambie wakuangalie shingo kabla ya sindano, na mdomo pia waone kama kuna utando mweupe usiotoka ukiufuta. Ulivyoeleza, wekundu unaong'aa ndani kabisa ya mkunjo na vidoti vya kando, hiyo ni fangasi. Harara na fangasi zilikuwa kwa mtoto mmoja kwa wakati mmoja, mgongo umepoa na kupona, shingo imekataa.

Akipata homa jioni baada ya sindano usianze kuwaza vipele, waulize wakwambie utegemee nini na urudi lini.

mama_wa_kwanza · Ijumaa 13:15

Ni fangasi kweli. Mdomo uko safi. Amepewa krimu ya clotrimazole, nipake nyembamba asubuhi na jioni baada ya kukausha, na nisiache siku ile inaonekana imepona, niendelee siku kadhaa mbele. Daktari ameniambia maziwa yakiteremka shingoni nifute hapo hapo na maji tu. Chanjo amepata zote.

ziwa_kuu · Ijumaa 14:00

Kwa hivyo haikuwa surua.

mamake_mapacha · Ijumaa 14:02

😂😂😂

nesi_wa_zamu · Ijumaa 14:40

@ziwa_kuu chanjo ya surua Kenya hutolewa miezi 9 na 18, kwa hivyo mtoto wa chini ya miezi 9 akikaa na mwenye surua anaweza kuipata, wasiwasi wako haukuwa wa bure.

Na kwa wengine wanaosoma. Vipele vikiwa na usaha, au vinapasuka na kukauka kwa gamba la njano kama asali, hiyo imeingia bakteria, mtoto wa chini ya miezi miwili anapelekwa siku hiyo hiyo. Na vidoti vya zambarau au vyeusi vilivyotokea ghafla, kandamiza na glasi safi inayopitisha mwanga, visipopotea chini ya glasi ni dharura, hasa akiwa na homa au amelegea. Kwa ngozi nyeusi tafuta viganja, nyayo na ndani ya kope, huko vinaonekana mapema.

mama_lanet · Jumamosi 09:10

Niko Nakuru, huku kwetu Julai ni baridi unavaa sweta mbili, na msichana wangu wa miezi mitatu alitoka vipele hivi hivi kifuani na shingoni. Nikaambiwa haiwezi kuwa joto. Ilikuwa nini?

nesi_wa_zamu · Jumamosi 11:25

Alikuwa analala na nini?

mama_lanet · Jumamosi 11:31

Ovaroli ya manyoya, blanketi mbili, na chupa ya maji moto miguuni. Mchana dadake alikuwa anambeba mgongoni na shali nzito.

nesi_wa_zamu · Jumamosi 11:45

Kifua chake kilikuwa kimebanwa na mgongo wa dada yake, manyoya katikati, shali juu. Joto la kuleta harara si lazima litoke nje. Hiyo chupa ya maji moto itie kitandani kabla hajalala upashe matandiko, halafu uitoe, imeshachoma watoto.

kaka_wa_mamboleo · Jumamosi 12:20

Swali la mwisho mimi. Kwa hii joto mtoto wa wiki sita si apewe maji kidogo ya kunywa? Mke wangu anakataa.

nesi_wa_zamu · Jumamosi 12:50

Mke wako yuko sawa. Hadi miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata Kisumu, hata Februari. Mwambie anyonyeshe mara nyingi zaidi mchana na yeye mwenyewe anywe maji. Mtoto akilowesha daipa sita au zaidi kwa siku na mkojo hauna rangi nzito, maji yanamtosha. Manyasi ya kunywa vile vile hapana.

dani_wa_ahero · Jumamosi 13:05

Manyasi ya kuoga je?

nesi_wa_zamu · Jumamosi 13:20

Dani, kwa ngozi yenye vipele siyapendi, majani mengine yanawasha na huwezi kujua hadi umeshamwaga. Ngozi ikiwa nzima sitaingia nyumbani kwako.

mama_wa_kwanza · Jumatano 20:15

Shingo imekauka, vidoti vya kando vimeisha, bado napaka. Shida moja, mahali palikuwa na wekundu sasa pana mabaka meupe meupe kidogo na mgongoni kuna vidoti vyeusi. Jirani ameniletea krimu ya kutoa madoa.

nesi_wa_zamu · Jumatano 20:40

Irudishe kwa jirani na asante nyingi. Hiyo ni rangi ya ngozi ilivurugika wakati wa uvimbe, inarudi yenyewe, inaweza kuchukua wiki kadhaa na kwa wengine miezi, na krimu za kutoa madoa nyingi zina steroidi au vitu vibaya zaidi. Mabaka yakianza kuongezeka badala ya kufifia, au yawe na magamba, mrudishe waangalie tena fangasi.

mama_wa_kwanza · Jumatano 20:44

Imerudishwa. Amesema basi atajipaka yeye.